Kwa nini pendekezo la multisig hukwama, na linaondolewaje?

"Pendekezo letu la malipo limekaa wiki nzima likisubiri saini. Tukiongeza ada ya mtandao si litapita? Na kama hatulitaki tena, tunalifutaje?"

Ada haihusiki, maana mtandao bado haujaliona pendekezo hilo. Kwenye Safe, pochi ya saini nyingi inayotumika sana Ethereum, kusaini kwa kawaida hufanyika nje ya blokicheni: saini inahifadhiwa kwenye seva inayozikusanya, na hakuna gesi, yaani ada ya mtandao, inayolipwa. Idadi inayotakiwa ikitimia, mtu mmoja hupeleka muamala pamoja na saini zote kwenye mkataba wa pochi, yaani programu iliyo kwenye blokicheni inayoendesha pochi, na huyo ndiye anayelipa gesi. Kuongeza ada kunasaidia baada ya hatua hiyo tu, pale muamala uliokwishatumwa unaposubiri kuingizwa kwenye bloku. Kuzitambua hali hizi mbili si kazi: muamala uliotumwa una heshi yake inayoweza kutafutwa kwenye mtandao, lakini pendekezo linalosubiri saini halionekani huko kabisa.

Kungoja nako hakuliui. Saini za Safe hazina tarehe ya kuisha. Iliyowekwa mwaka jana inakubalika leo, mradi aliyeiweka bado ni mmoja wa wamiliki na namba ya pendekezo haijatumika.

Namba hiyo, inayosomeka kwenye skrini kama `nonce`, ndiyo ufunguo wa jambo zima. Ifikirie kama tiketi ya foleni: dirisha linaita namba moja baada ya nyingine bila kuruka, na likishahudumia namba 41, mwingine yeyote mwenye tiketi ya 41 amechelewa. Mkataba wa Safe hufanya hivyo hivyo. Hauna amri ya kufuta pendekezo, wala ya mtu kuondoa saini aliyokwisha kuitoa. Njia ya kuliua ni kuitumia namba yake kwa jambo jingine.

Tuseme pochi ina wamiliki watano na inataka saini tatu. Pendekezo la 41 linalipa anwani isiyo sahihi na lina saini mbili. La 42 na la 43 zimeshatimiza saini tatu, ila haziwezi kupita kabla ya 41. Ukibonyeza `Reject`, programu inaandaa muamala mtupu ambao pochi inajitumia yenyewe:

```
to: <anwani ya Safe yenyewe>
value: 0
data: 0x
nonce: 41
```

Wengi hudhani hii ni kura ya hapana, na kwamba mmoja akikataa imetosha. Sivyo. Huu ni muamala kamili: unahitaji saini tatu kama ule unaoupinga, kisha mtu autekeleze na alipe gesi. Wakipatikana watia saini wawili tu, hakuna kinachosonga, kiwe cha kukubali au cha kukataa. Ndiyo maana nafuu zaidi mara nyingi ni kuandaa malipo sahihi moja kwa moja kwa namba ile ile ya 41. Kwa gesi ya muamala mmoja, kosa linaondoka na malipo yanafanyika. Baada ya hapo 42 na 43 zinapita kwa saini zao za awali, kwa kuwa kila saini imefungwa kwenye namba yake.

Hatari iko kwenye kipindi cha katikati. Mtu mmoja anaweza kusaini mapendekezo yote mawili ya 41, na mkataba hauoni tatizo. Kosa likipata saini ya tatu mapema na likatekelezwa kwanza, fedha zimekwenda. Basi watia saini wakubaliane kwanza, wazi, ni lipi linasainiwa, na kila mmoja alinganishe anwani, kiasi na namba kwenye kifaa chake kabla ya kusaini.

Aliyependekeza anaweza pia kulifuta kwenye foleni ya seva bila kulipa gesi. Hilo linafaa kama hakuna mwingine aliyesaini. Saini zikiwa zimeshakusanywa, ufutaji unaliondoa machoni tu: mwenye nakala za saini za kutosha bado anaweza kulipeleka mwenyewe kwenye mkataba. Palipo na shaka, itumieni namba.

Kuna pia pendekezo lenye saini zote ambalo kila likitekelezwa linagoma na kuonyesha `GS013`. Hapo kilichoshindwa ni kitendo chenyewe, kwa mfano salio la tokeni halitoshi. Kwenye matoleo ya mkataba wa Safe ya 1.3.0 na kuendelea, kama vigezo vya gesi vya muamala, `safeTxGas` na `gasPrice`, ni 0, muamala mzima unarudishwa na namba inabaki pale pale, huku gesi ya jaribio ikiwa imeliwa. Wekeni salio kisha mrudie kwa saini zile zile, au wekeni muamala mwingine wenye namba hiyo hiyo.