Kikao Kikisogezwa, Tarehe ya Kukabidhi Haisogei Yenyewe

Miezi hii kitengo chetu cha mikataba hapa Dar es Salaam kimepokea malalamiko mengi ya watoa huduma waliokatwa fidia ya ucheleweshaji huku wakiamini walishaongezewa muda. Wengi wao walikuwa wameomba kikao cha tathmini kiahirishwe, mteja akakubali, nao wakahesabu kwamba na tarehe ya kukabidhi kazi imesogea. Haikusogea. Kikao ni ratiba, tarehe ya kukabidhi ni sharti la mkataba.

Chukua mfano wa kampuni ya Kijitonyama inayomtengenezea mteja wa Posta mfumo wa ankara kwa shilingi milioni 80. Majaribio ya watumiaji yalipaswa kukamilika 10 Juni, tathmini 13 Juni, makabidhiano 30 Juni. Tarehe 5 Juni ilishaonekana kuwa majaribio hayatawahi. Barua iandikwe siku hiyohiyo, si tarehe 12 usiku.

Barua iwe moja, lakini iwe na maombi mawili yanayojitegemea: kikao kihamie 27 Juni, makabidhiano yahamie 14 Julai. Mteja anaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili, na ana haki hiyo. Kisha zigawanywe siku 14 kwa chanzo chake. Siku 9 zilipotea kwa sababu taarifa za wateja wa zamani zilichelewa kutoka kwa mteja mwenyewe. Ambatisha barua pepe zinazothibitisha. Siku 5 ni za mtoa huduma, aliyelazimika kurudia kazi yake. Aseme hivyo. Kama mkataba unatoza asilimia 0.1 kwa siku, siku hizo 5 ni shilingi 400,000, na ni nafuu kuliko kubishania siku zote 14, yaani shilingi 1,120,000. Angalieni pia kama mkataba unahesabu siku za kalenda au za kazi, maana Saba Saba imo humo katikati.

Tunaambiwa kila wiki, "Meneja wao alisema sawa kwenye simu." Jamani, meneja mradi mara nyingi hana mamlaka ya kubadili mkataba! Someni kifungu cha mabadiliko, mjue nani anasaini nyongeza. Na mteja akinyamaza, msichukulie kuwa ameridhia. Pale ambapo muda ni sharti la msingi, kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa mteja nafasi ya kuuvunja mkataba kwa kuchelewa.

Nyongeza ikishasainiwa, nendeni benki. Dhamana ya utekelezaji inayoisha 30 Juni haiongezeki kwa sababu mkataba umeongezwa. Benki inahitaji maombi yenu kabla ya siku hiyo, pamoja na nakala ya nyongeza iliyosainiwa na pande zote mbili.