"Kavunja mkataba, basi umekwisha": dhana inayowatia wateja hasarani

Mteja anaketi, anafungua bahasha na kunionyesha barua aliyokwisha kuituma: "Kwa kuwa umekiuka kifungu cha sita, mkataba wetu umekoma kuanzia leo." Anachotaka kwangu ni nimdaie fidia. Hajui kwamba kwa barua hiyo huenda yeye ndiye amekuwa mdaiwa.

Dhana yenyewe ni hii: mwenzio akivunja kifungu chochote, nawe uko huru kuondoka. Si kweli. Ukiukaji wowote hukupa haki ya fidia, lakini haki ya kuondoka hutegemea aina ya kifungu kilichovunjwa. Kikiwa sharti la msingi, yaani ahadi ambayo mkataba wote umesimama juu yake, unaweza kuondoka hata kama hukupata hasara ya maana. Kikiwa waranti, yaani ahadi ya pembeni tu, utalipwa fidia nawe utaendelea kutimiza wajibu wako. Katikati ya hivyo viwili kuna vifungu ambavyo hadhi yake haijulikani siku ya kutia saini. Hivyo hupimwa kwa madhara ya ukiukaji wenyewe, na kwa uzoefu wangu vifungu vingi vya mikataba ya biashara ni vya kundi hili la kati.

Kundi hilo lilipata sura yake katika kesi ya meli iitwayo Hongkong Fir, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1961. Wakenya inatuhusu moja kwa moja, kwa sababu Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inatupeleka kwenye kanuni za mikataba za Uingereza. Meli hiyo ilikodishwa kwa miezi 24, na mwenye meli aliahidi kwamba inafaa kwa safari. Ilikabidhiwa Liverpool Februari 1957, ikaenda Marekani kuchukua makaa ya mawe ya kupeleka Osaka. Injini zake zilikuwa kuukuu, na wahudumu wa chumba cha injini hawakuwa wa kutosha wala hawakuijua kazi. Njiani zilipotea kama wiki 5 kwa matengenezo, na ilipofika Osaka ikalala wiki nyingine 15.

Waliokodi meli wakaandika barua ya kusitisha mkataba. Kuna jambo ambalo halikuwamo kwenye barua ila kila mtu alilijua: bei ya kukodi meli sokoni ilikuwa imeporomoka vibaya tangu watie saini. Kwa hiyo kisingizio kilikuwa injini, na shabaha ilikuwa bei.

Hoja yao ilikuwa nyepesi: meli haikufaa kwa safari, hilo ni sharti la msingi, kwa hiyo tumeondoka. Majaji walikataa. Ahadi kwamba meli inafaa kwa safari inaweza kuvunjwa kwa msumari mmoja uliokosekana kwenye ubao, na inaweza kuvunjwa kwa tundu la kuizamisha meli. Haiwezekani kifungu kipana hivyo kimpe mtu ruhusa ileile ya kuondoka katika hali zote mbili. Jaji Diplock akaweka kipimo ambacho bado tunakitumia: je, ukiukaji umemnyima aliyeumizwa takriban manufaa yote aliyoyatarajia kutoka kwenye mkataba? Meli ilipokuwa tayari tena katikati ya Septemba 1957, ilikuwa imebaki miezi 17 kati ya 24. Jibu likawa hapana. Waliokodi walistahili fidia ya ucheleweshaji, basi. Kwa kuondoka, wao ndio walioonekana wamevunja mkataba, wakatakiwa kumlipa mwenye meli.

Sasa lete kipimo hicho nyumbani. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Mombasa aliyekodi lori kwa mwaka mzima, shilingi 250,000 kwa mwezi, mwenye lori akiahidi kulitunza katika hali nzuri. Mwezi wa pili gia inaharibika, lori linakaa gereji wiki 2. Mfanyabiashara anarudisha ufunguo na kuondoka. Swali la kwanza ni muda uliobaki: zaidi ya miezi 9 kati ya 12. La pili ni kama kasoro inatibika, na fundi ameshaitibu. La tatu ni kama hasara ya wiki 2 inaweza kulipwa kwa fedha, nayo inaweza: kodi ya lori la mbadala na mizigo iliyochelewa. Mtu huyu hana haki ya kuondoka. Atadaiwa kodi ya miezi iliyobaki, ikitolewa ile ambayo mwenye lori ataipata, au angeipata kwa juhudi ya kawaida, kwa kumpa mteja mwingine.

Badilisha ukweli kidogo uone. Lori linaharibika kila baada ya siku chache, miezi 5 imepita, limefanya kazi wiki 3 tu, na mwenyewe hajibu simu. Kifungu ni kilekile, lakini hapo ningemwandikia mteja barua ya kuondoka mimi mwenyewe, tena kwa raha.

Dhana ya pili: "Tumeliandika neno 'sharti', kwa hiyo ni sharti." Mahakama huangalia mkataba mzima. Katika kesi ya Schuler dhidi ya Wickman ya mwaka 1973, kifungu kiliita "sharti" wajibu wa wakala kutembelea viwanda 6 vya magari kila wiki kwa miaka 4 na nusu. Majaji waliona haiingii akilini kwamba ziara moja iliyokosekana kati ya zaidi ya elfu moja ingevunja kila kitu, wakakataa tafsiri hiyo. Ukitaka kuwa na haki ya kuondoka, andika haki yenyewe: malipo yakichelewa siku 7 baada ya notisi, mwenye mali anaweza kusitisha mkataba. Nawaambia wateja hili kila mara, nao kila mara wananiletea mikataba waliyonakili kwa jirani.

Dhana ya tatu ni kinyume chake: "Kasoro ni ndogo, hawezi kukataa." Katika uuzaji wa bidhaa mnunuzi anaweza. Bidhaa kulingana na maelezo yake ni sharti la msingi, kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yenyewe. Mwaka 1933, katika kesi ya Arcos, mnunuzi aliruhusiwa kukataa mbao za mapipa zilizotakiwa kuwa na unene wa nusu inchi kwa sababu nyingi zilizidi kidogo tu, ingawa zilifaa kabisa kwa mapipa. Hapo pia bei ya soko ilikuwa imeshuka. Uingereza ililegeza kanuni hiyo mwaka 1994 kwa wanunuzi wafanyabiashara, lakini muuzaji wa Kenya asijipe matumaini kwa sababu hiyo.

Ya mwisho: "Nitasubiri nione, haki yangu haiozi." Inaoza. Ukijua kwamba mwenzio amevunja sharti la msingi kisha ukaendelea kutumia lori na kulipa kodi bila neno, umechagua kuendelea, na kilichobaki ni fidia. Kama hujaamua, andika leo barua fupi: taja kifungu, eleza kilichotokea, mpe muda wa kurekebisha, na sema wazi kwamba hujaacha haki yako yoyote. Barua ya kusitisha mkataba iandikwe baadaye, na isitumwe kabla wakili hajaisoma.