"Nilikuwa natania tu": utani unapogeuka kejeli

Tuseme ni Jumapili jioni, Tabata, ndugu wa mume wamekuja kutembea. Mama Rehema ana miezi miwili tangu aanze biashara ya keki, na ya leo imedumaa katikati. Mumewe anainua kipande: "Hii ukimpiga nayo kibaka, haamki." Watu wanacheka, mama Rehema naye anacheka. Baada ya muda mume, akiwa amenogewa na kile kicheko, anaongeza: "Msimshangae bwana, kidato cha nne alitoka na ziro. Vipimo vya unga ataviweza wapi?" Wanacheka tena. Safari hii mama Rehema anainuka kwenda kuleta chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Usiku anapomwambia mumewe kwamba yale maneno yamemuuma, anajibiwa: "Aa, mke wangu, si nilikuwa natania tu? Nawe huna utani kabisa."

Maneno ya keki na maneno ya ziro yametoka mdomo mmoja, kwenye meza moja, lakini si kitu kimoja. Ya kwanza ni utani. Ya pili ni kejeli, na ile "nilikuwa natania tu" ndiyo kanga iliyofunikwa juu yake.

Sisi utani tunaujua vizuri, pengine kuliko watu wengi. Hapa Tanzania utani una ukoo wake na kanuni zake. Babu na mjukuu wanataniana, mtu na shemeji yake wanataniana, makabila nayo yana watani wao: Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani anaweza kukuambia jambo ambalo akilisema mtu mwingine mtashikana mashati. Msibani anaweza kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, au kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Na wewe huruhusiwi kukasirika.

Lakini ruhusa hiyo haitolewi bure. Mtani anayekucheka leo, kesho unamcheka yeye, naye hana haki ya kununa. Anayeimba vichekesho msibani ndiye huyo huyo anayehangaika na kaburi na vyungu vya chakula. Tena anachokitania kwa kawaida kinajulikana na wote: Wahehe na hadithi za kula mbwa, Wazaramo na ngoma zao. Hatoi hadharani siri uliyompa ukiwa unalia.

Mume wa mama Rehema amechukua kipande kimoja tu cha mila hiyo, kile cha "mtani hakasirikiwi", akauacha mzigo wote uliobaki. Ndiyo maana mama Rehema anajikuta ameshtakiwa yeye kwa kukosa utani, wakati aliyevunja kanuni za utani ni mwenzake.

Kujua uko upande gani si kazi ngumu. Jiulize kama na wewe unaruhusiwa kumtania kwa kiasi hicho hicho. Kama ukigusa kitambi chake au deni lake la kikoba nyumba inanuna siku tatu, basi hapo hakuna watani wawili, kuna mchekaji na mchekwaji. Angalia pia kitu kinachochekwa. Keki ya leo itasahaulika kesho, lakini mtihani ulioshindwa ukiwa na miaka 17, mimba iliyotoka, au mwili ulioumbwa nao hauna la kufanya navyo. Ila kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kile kinachotokea baada ya kusema "hilo linaniuma". Mtu aliyekuwa anatania kweli huona aibu kidogo, akaacha. Anayekejeli hurudia, mara nyingine kwa kuongeza chumvi.

Wanawake nao wanafanya, tusidanganyane. Mume aliyeachishwa kazi, mkewe akamwita "marioo wangu" mbele ya mashoga zake na kumpigapiga begani, anacheka kwa sababu akikasirika ataonekana hana uanaume. Kile kicheko si ridhaa.

Sasa kujibu. Kosa la kwanza ambalo wengi tunalifanya ni kubishana kuhusu nia: "Hukuwa unatania, ulitaka kunidhalilisha!" Hapo umeshampa mlango wa kutokea. Nia imo moyoni mwake, huwezi kuitoa uiweke mezani, naye atakuapia kwa Mungu kwamba hakuwa na nia mbaya. Huenda ni kweli. Mwachie nia yake. Shika neno lililosemwa na mahali liliposemwa, maana hayo hayawezi kukanwa. Kosa la pili ni kurudisha kijembe. Kijembe kikali kinaburudisha kwa dakika moja, kisha mnakuwa wawili wenye makosa, na lile la mwanzo linapotea katikati.

Pale pale mbele ya wageni, kinachotosha ni kifupi. Mama Rehema angeweza kuweka birika chini na kusema kwa sauti yake ya kawaida: "Baba Rehema, la keki sawa. Hilo lingine hapana." Halafu awageukie wageni na chai. Au amuulize bila ukali: "Hapo sijaelewa, kinachochekesha ni nini?" Kejeli huishi kwa kudokezwa. Ukiiomba ijieleze waziwazi, mara nyingi inakosa pumzi. Lakini asilazimishe tabasamu, kwa sababu lile tabasamu ndilo litakalotolewa ushahidi usiku: "Mbona na wewe ulicheka?"

Mazungumzo yenyewe yasubiri wageni waondoke na moyo utulie, ila yasilale wiki nzima. Na yawe ya mdomo. Ujumbe mrefu wa WhatsApp husomwa kwa sauti ya ukali hata kama uliandikwa kwa upole. Mama Rehema aseme kitu kimoja: "Jumapili uliwaambia dada zako kuhusu ziro yangu. Hiyo nilikuambia wewe peke yako. Nilijisikia aibu mpaka nikakimbilia jikoni. Naomba usiiseme tena mbele ya mtu yeyote." Hakuna "siku zote wewe", hakuna "kama mama yako". Neno "siku zote" humfanya mtu aanze kutafuta siku ambayo hakufanya.

"Nilikuwa natania tu" ikija, isikabiliwe kwa vita: "Sawa, nimekubali ulikuwa unatania. Bado imeniuma, na bado naomba usirudie." Akisema "huna utani", jibu ni "utani ninao, la keki nilicheka". Baada ya hapo anyamaze. Ombi likirudiwa mara tano linaanza kusikika kama lawama.

Mume mwenye nia njema huenda akajitetea kidogo usiku ule, lakini ugeni ujao atauma ulimi. Akisahau, mke akamtazama, atabadilisha mada. Asipoacha baada ya kuambiwa wazi mara mbili tatu, tatizo si ucheshi tena, na ni busara kumwingiza mtu mnayemheshimu wote, awe mshenga au msimamizi wa ndoa yenu.

Haya yote yanafaa pale ambapo unaweza kusema "imeniuma" bila kuogopa kitakachofuata. Kama unapima kila neno kwa kuhofia kipigo, kufukuzwa, au kunyimwa pesa ya matumizi, usijaribu majibu haya mkiwa wawili chumbani. Anza kwa ndugu unayemwamini, ofisi ya ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inautaja ukatili, uwe wa mwili au wa akili, kati ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa majumbani inahesabu matusi na dhihaka za kurudiarudia kuwa unyanyasaji wa kihisia. Kwa hiyo ukienda kueleza, usiishie kwenye "ananitania vibaya". Taja maneno yenyewe, siku, na nani alikuwepo.