Kilo zinatosha, urefu hautoshi: dhana potofu kuhusu chati ya makuzi na udumavu

Tuchukue mtoto mmoja tumfuate mpaka mwisho. Ni msichana wa miezi 24 kamili. Mizani imesoma kilo 9.8, na kwenye ubao wa urefu, akiwa amesimama, amefika sm 77.8. Mashavu yamejaa, anakimbia, hana historia ya kulazwa. Mama anaambiwa anaendelea vizuri na anarudi nyumbani na kadi yake. Mtoto huyu amedumaa.

Dhana: Uzito ukipanda vizuri kwenye kadi, mtoto yuko salama.

Kadi nyingi za kliniki zimezoeleka kwa chati moja tu, ile ya uzito kwa umri. Kwa msichana wa miezi 24, mstari wa kati wa chati ya Shirika la Afya Duniani unapita kwenye kilo 11.5, na mstari wa -2, yaani hatua mbili za kitakwimu chini ya ule wa kati, ambako mtoto aliye chini yake huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, uko kwenye kilo 9.0. Kilo 9.8 ziko juu yake, kwa hiyo kwa chati hii hakuna cha kusema.

Fungua sasa chati ya urefu kwa umri. Kwa umri huohuo, akipimwa amesimama, mstari wa kati uko sm 85.7, wa -2 uko sm 79.3 na wa -3 uko sm 76.0. Sm 77.8 zinaangukia katikati ya -2 na -3. Huo ndio udumavu. Angekuwa chini ya -3 tungesema udumavu mkali.

Mbona uzito haukusema? Kwa sababu uzito kwa umri unachanganya mambo mawili: mtoto ni mrefu kiasi gani, na amejaa kiasi gani kwa urefu alionao. Ukimweka kwenye chati ya tatu, uzito kwa urefu, utakuta kilo 9.8 kwa sm 77.8 ziko karibu kabisa na mstari wa kati. Yaani si mkondefu hata kidogo. Ni mtoto aliyejaa sawasawa, ila mwili wenyewe ni mdogo kwa umri wake. Ukimtazama bila kujua umri utadhani ni mtoto mwenye afya wa mwaka na nusu. Jicho halioni udumavu, hata jicho la mhudumu mzoefu, maana jicho linaona mkondefu na mnene tu.

Dhana: "Sisi ukoo wetu ni wafupi."

Hii ndiyo hoja inayofunga mazungumzo haraka kuliko zote, na ina chembe ya ukweli, kwa kuwa urefu wa mtu mzima unarithiwa kwa sehemu kubwa. Lakini tunazungumzia miaka mitano ya kwanza. Chati zinazotumika leo zilitolewa mwaka 2006, baada ya watoto takriban 8,500 kupimwa katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, ambao mama zao hawavuti sigara na mazingira yao hayazuii kukua. Tofauti kati ya nchi na nchi ilichangia takriban asilimia 3 tu ya tofauti zote za urefu. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya mtoto na jirani yake. Mtoto wa Accra na wa Maskati, wakilelewa hivyo, hukua karibu sawa na wa Oslo.

Na tusisahau kwamba ufupi wa mama unaweza kuwa udumavu wake mwenyewe wa utotoni. Ukoo mzima unaweza kurithishana sufuria ileile.

Hapa chati ina mpaka wake. Hata kati ya watoto wenye afya kamili, wawili hivi katika kila mia huangukia chini ya -2 kwa maumbile yao tu. Kwa hiyo nukta moja chini ya mstari haitoshi kutoa hukumu. Inatosha kuuliza maswali na kutazama nukta zilizotangulia. Aliyekuwa karibu na mstari wa -1 miezi sita iliyopita na sasa yuko chini ya -2 ana jambo. Na kuwa chini ya mstari wa kati peke yake si kasoro: nusu ya watoto wazima wako huko.

Dhana: Kupima urefu ni kazi ndogo, na umri wa kukadiria unatosha.

Kosa kubwa zaidi huwa kwenye umri. Tuseme tarehe ya kuzaliwa ya msichana wetu iliandikwa kwa kukisia, akahesabiwa miezi 21. Kwa walio chini ya miezi 24 chati ni ya kulala, hivyo aliyepimwa amesimama huongezewa sm 0.7, kwa sababu akilala mwili hunyooka zaidi. Anakuwa na sm 78.5. Mstari wa -2 wa miezi 21 uko sm 77.5. Udumavu umetoweka kwa kalamu! Ndiyo maana tarehe inatolewa kwenye kadi ya kuzaliwa au ya chanjo, haiulizwi kwa mdomo.

Kisha ubao. Viatu na soksi vinavuliwa, mafundo ya nywele yanafunguliwa. Kisogo, mabega, makalio na visigino vinagusa ubao, macho yanatazama mbele, na mtu wa pili anashika magoti na vifundo ili mtoto asikunje wala kusimama kwa vidole. Kipande cha juu kinashushwa mpaka kibane nywele, na kipimo kinasomwa kwa milimita, jicho likiwa usawa wa alama. Ukiona daftari lililojaa 78, 80 na 75 bila desimali, kuna mtu anakisia.

Dhana: Udumavu ni njaa, kwa hiyo dawa ni kumjaza uji.

Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, ndio ulioongoza kwa udumavu Tanzania katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022: takriban asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Ghala lilikuwa na chakula. Kinachokosekana mara nyingi ni mchanganyiko: yai, dagaa, maziwa, maharage, mboga na matunda juu ya ule unga. Pia kuna kuhara na homa za mara kwa mara, na uzito mdogo wa kuzaliwa.

Uji mtupu wa mahindi, hata bakuli tatu, unaongeza kilo kuliko sentimita. Msichana wetu tayari uzito wake unalingana na urefu wake. Ukimnenepesha bila kurefuka atakuwa mnene na bado amedumaa, na chati ya uzito kwa umri itaendelea kumsifu.

Apimwe urefu tena baada ya miezi mitatu. Kwa mwezi mmoja umri huu huongeza chini ya sentimita moja, na kosa dogo la ubao linaimeza. Ndani ya miezi mitatu, ili abaki tu kwenye njia yake ya sasa, anahitaji kuongeza takriban sm 2 na kufika karibu 79.9. Akikutwa na 78.6 bado anashuka, hata kama mizani imepanda. Akivuka 81.5, mstari wa -2 wa miezi 27, kwanza rudia kipimo, maana hiyo ni kasi kubwa mno kuaminiwa kwa mara moja.