Makro au njaa yako: tazama unavyoipokea hesabu iliyogoma

Swali ninaloulizwa zaidi kama mtaalamu wa lishe ni ipi bora: kuhesabu makro, yaani gramu za protini, wanga na mafuta za siku, au kula kwa kusikiliza njaa na shibe. Huwa najibu kwa swali: siku hesabu ikigoma, unafanya nini?

Chukua mtu wa kilo 70 anayehitaji kalori 2,000 kwa siku. Nikimpangia gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito, anakula gramu 112. Mafuta nikiyaweka gramu 0.8 kwa kilo, ni gramu 56. Gramu ya protini au ya wanga ina kalori 4, ya mafuta 9. Protini na mafuta vinachukua kalori 952. Zilizobaki, 1,048, ni gramu 262 za wanga.

Kwenye karatasi imenyooka, jikoni haijanyooka. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360, za wali kama 130 tu, kwa sababu ya maji. Ukipima wali ukauandika kwenye simu kama mchele, umejihesabia kalori 230 ambazo hukuzila.

Kuna anayegundua kosa hilo, akasahihisha, akaendelea na chakula chake. Huyo namba zinamfaa, tena zinampunguzia mawazo. Mwingine anaona saa mbili usiku amebakiwa na gramu 5 za mafuta, analala na njaa. Au amezipita kwa gramu 10, anasema siku imeshaharibika, anakula mpaka tumbo linauma, kesho anajinyima kufidia. Nikisikia neno "kufidia" mara mbili katika mazungumzo, mizani ya jikoni naiweka kando. Aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji simpi kabisa.

Simwachi hivi hivi, lakini. Anabaki na jambo moja tu, protini katika kila mlo, na kipimo cha njaa cha 1, yaani njaa kali, hadi 10, yaani shibe ya kupita kiasi: aanze kula akiwa kwenye 3 au 4, aache kwenye 6 au 7. Wiki za mwanzo hukosea, hasa aliyezoea kula kwa saa. Asiyependa kubahatisha hukereka hapa, na simlazimishi.

Njaa nayo hudanganya. Usingizi mchache huiongeza, mazoezi makali huizima kwa muda, na dawa kadhaa huibadilisha. Mwanariadha aliye kwenye mazoezi mazito akingoja njaa imwite anaweza kula pungufu wiki nzima bila kujua. Kwake nahesabu, hata kama hapendi. Na mwenye kisukari anayejidunga insulini kulingana na mlo lazima ajue wanga wake, awe na tabia yoyote ile.