Bei ya kufunga si bei ya mwisho

"Bei ya kufunga ya hisa si ile tu ya muamala wa mwisho kabla ya saa kumi na nusu jioni?"

Kwenye Soko la Hisa la London, hapana. Saa 10:30 biashara ya kawaida husimama na mnada wa kufunga huanza. Kwa dakika tano hivi maagizo hukusanywa bila kuuziana. Mnada hukatika wakati wowote ndani ya sekunde 30 zinazofuata, ili mtu asiweze kuvizia sekunde ya mwisho na kuivuruga bei. Kisha mfumo hutafuta bei itakayouza hisa nyingi zaidi.

Tuchukue mfano. Wanunuzi wanataka hisa 500 kwa bei yoyote, 300 wasizidi pensi 102, na 400 wasizidi 101. Wauzaji wana 400 kuanzia 100, 500 kuanzia 101, na 600 kuanzia 102. Kwa 100 zitauzika 400 tu. Kwa 101 zitauzika 900. Kwa 102 zitauzika 800. Basi bei ni 101, na kila aliyepata hulipa hiyo hiyo, hata aliyekuwa tayari kutoa 102.

Sasa tuseme saa 10:29 mtu alinunua hisa kumi kwa 103. Zile kumi hazipangi bei rasmi, na kwangu huo ni ulinzi mkubwa: mifuko ya uwekezaji hukadiria thamani ya mali zake kwa bei hiyo ya kufunga.

Asubuhi, mnada wa aina hii hii huzaa bei ya kufungulia.