Je, sebule imepanuka kweli, au ni picha tu?

"Nina picha mbili za sebule ileile, moja ya kabla ya ukarabati na nyingine ya baada. Ya pili inaonekana kubwa zaidi. Nitajuaje kama ni mpangilio wa fanicha uliofanya hivyo?"

Anza na kamera, fanicha baadaye. Picha ya "kabla" mara nyingi hupigwa harakaharaka, mtu akiwa amesimama popote. Ya "baada" hupigwa kwa utulivu, taa zimewashwa, mpigaji amerudi nyuma hadi mgongo unagusa ukuta, na mara nyingi amebonyeza 0.5x kwenye simu ili chumba chote kiingie. Kabla hata kochi halijasogezwa, chumba kimeshaongezeka.

Kwanza hakikisha picha zote mbili zimepigwa kutoka sehemu moja. Tafuta kitu kisichohama kilicho mbali, kwa mfano dirisha la ukuta wa mbele. Kata kingo za picha iliyochukua eneo pana hadi dirisha liwe na upana uleule katika picha zote mbili. Kwa simu nyingi, picha ya 0.5x huchukua karibu mara mbili ya upana wa picha ya 1x, kwa hiyo utabaki na nusu ya katikati. Sasa angalia vitu vya karibu visivyohama: kona ya ukuta, soketi, mistari ya dari. Vikiangukia mahali palepale, mpigaji alisimama palepale na lenzi pekee ndiyo iliyobadilika. Visipoangukia, alihama, na hilo halirekebishwi kwa kukata picha.

Watu wengi huilaumu lenzi pana kwamba ndiyo "inayorefusha" chumba. Ukweli ni kwamba uwiano kati ya kitu cha karibu na cha mbali hutokana na mahali kamera ilipo. Tuseme mstari mmoja wa vigae uko mita 2.4 kutoka kwenye kamera na ukuta wa mwisho uko mita 4.8. Kigae cha karibu kitaonekana na upana mara mbili ya kile cha ukutani. Mpigaji akirudi nyuma mita 1.2, umbali unakuwa 3.6 na 6, na uwiano unashuka hadi kama 1.7. Akisogea mbele sentimita 60, unapanda hadi 2.3, na ukuta wa mwisho unaonekana umekimbia. Lenzi pana inachofanya ni kumruhusu asogee karibu bila kupoteza chumba kwenye fremu. Weka rula juu ya skrini upime vigae viwili vilevile katika kila picha. Hesabu ni ya kugawanya tu. Kama ukarabati ulibadilisha vigae, usihesabu vipya dhidi ya vya zamani. Tumia dirisha, mlango au dari.

Lenzi pana ina kosa lake lingine, nalo liko pembeni mwa fremu. Vitu vilivyo kando huvutwa. Kiti kilicho ukingoni hunenepa, na chungu cha maua cha mviringo huwa kama yai. Ukiona hivyo, usiamini upana wa kitu chochote kilicho karibu na ukingo wa picha, ikiwemo nafasi iliyo wazi kando ya kiti.

Sasa tuingie kwenye sebule yenyewe. Chukua chumba chenye upana wa mita 4.2 na urefu wa mita 4.8, chenye vigae vya sentimita 60, yaani 7 kwa 8. Mlango uko katikati ya ukuta mfupi, dirisha liko upande wa pili, na kabati la televisheni limekaa chini ya dirisha. Kuna kochi la watu watatu la sentimita 210 kwa 90, viti viwili vya 90 kwa 90, na meza ya 120 kwa 60. Kabati ni 160 kwa 40. Ukarabati ulikuwa wa rangi na mapazia. Fanicha ni zilezile, ila zimehamishwa.

Kabla, kochi lilikuwa limekatisha chumba, limeupa mlango mgongo, vigae viwili kutoka kizingitini. Baada, limesogezwa likagusa ukuta mrefu wa kushoto, meza ikageuzwa ikasimama sambamba nalo kwa umbali wa sentimita 45, na viti viwili vikapangwa kwenye ukuta wa kulia.

Jumlisha eneo la fanicha: ni karibu mita za mraba 4.9 katika chumba cha mita za mraba 20. Sakafu iliyobaki wazi ni ileile kabla na baada, kama mita za mraba 15. Hakuna hata kigae kimoja kilichookolewa. Anayesema mpangilio mpya "umeongeza nafasi" hasemi habari ya eneo, anasema habari ya jinsi eneo hilo lilivyounganika na jinsi jicho linavyolifikia.

Hapo ndipo kimo cha kamera kinapoleta mchezo. Mgongo wa kochi una kimo cha sentimita 85. Mtu mzima anaposimama mlangoni, macho yake yako kama sentimita 160 kutoka chini. Mstari unaotoka machoni ukapita juu ya mgongo wa kochi, mita 1.2 mbele yake, umeshuka sentimita 75. Ili ushuke nyingine 85 hadi sakafuni unahitaji mita 1.36 zaidi, kwa hiyo unagusa sakafu mita 2.56 kutoka mlangoni. Kochi lenyewe linaishia mita 2.1. Sakafu iliyofichwa nyuma yake ni ukanda wa sentimita 46 tu, haufiki hata kigae kimoja.

Shusha kamera hadi sentimita 110, kimo cha mtu anayeshika simu karibu na tumbo. Mstari uleule sasa umeshuka sentimita 25 tu unapofika kwenye kochi, na unahitaji mita 4.08 nyingine kabla ya kugusa chini. Ukuta wa mwisho unaukatisha kabla haujafika. Maana yake, sakafu yote iliyo nyuma ya kochi imepotea kwenye picha. Unaona mgongo wa kochi, kisha televisheni, basi. Chumba cha karibu mita tano kinaonekana kama kibanda.

Ubaya ni kwamba kosa hili haliondoki hata picha zote mbili zikipigwa kwa kimo hichohicho cha chini. Mpangilio wa pili hauna kizuizi mbele ya mlango, kwa hiyo kamera ya chini haiuumizi sana. Wa kwanza inaumaliza. Ndiyo maana kwa mlinganisho wa haki mimi huona ni afadhali kamera ikae kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama, hata kama picha itakayotoka haitakuwa ya kupendeza kama zile za matangazo ya nyumba. Picha za matangazo huwa na kazi nyingine.

Ukipiga upya kwa sentimita 160 kutoka kizingitini, tofauti inapungua lakini haifutiki. Katika mpangilio wa zamani jicho linaona vigae viwili, linagonga kochi, kisha linaanza upya ng'ambo yake. Katika ule mpya, kati ya meza na viti kuna njia ya sentimita 135, zaidi ya vigae viwili, inayokwenda moja kwa moja hadi mbele ya kabati, urefu wa mita 4.4. Sakafu isiyokatika ndiyo inayosomwa na jicho kama ukubwa, na hii ni sifa halali ya mpangilio, si ujanja wa kamera. Kwenye picha ithibitishe hivi: anza na kigae cha mlangoni, fuata vigae vinavyoonekana wazi bila kuruka fanicha, uone unafika wapi.

Mwanga na rangi ni kishawishi kingine. Ukuta mweupe na mapazia mepesi hufanya chumba kionekane kipana, na simu yenyewe huamua ing'arishe kiasi gani kulingana na dirisha lilivyowaka. Geuza picha zote mbili kuwa nyeusi na nyeupe, kisha rekebisha mwanga hadi dari zifanane. Ukitaka uhakika zaidi, weka karatasi nyepesi juu ya picha zilizochapishwa, uchore mistari ya kuta na fanicha tu. Mara nyingi hisia ya "kubwa" hupungua papo hapo, na kinachobaki ndicho cha mpangilio. Pia angalia vitu vidogo vilivyoondolewa: magazeti, waya, viatu. Kioo kipya ukutani nacho kifunike kwa kidole unapolinganisha.

Kuna jambo moja ambalo picha ya mlangoni haiwezi kukuambia kabisa, nalo ni jinsi chumba kinavyohisiwa ukiwa umekaa, na sebule ni mahali pa kukaa. Piga picha nyingine mbili ukiwa kwenye kochi, simu ikiwa usoni. Katika mpangilio wa zamani, aliyeketi alikuwa na kama mita 3 hadi ukuta wa mbele, lakini ukuta huo ulikuwa na dirisha, kwa hiyo macho yalitoka nje. Katika mpya ana kama mita 3.6, lakini mbele yake ni ukuta mtupu na viti viwili, na televisheni iko ubavuni, lazima ageuze shingo. Kwa anayeingia, mpangilio wa pili unashinda waziwazi. Kwa anayekaa, mimi ningeupa ushindi ule wa kwanza, au ningejaribu wa tatu: kochi libaki ukutani, ila kabati lihamie ukuta wa kulia na viti viwili visogee karibu na dirisha, kisha nipige tena zote kutoka mlangoni na kutoka kwenye kochi, kwa kimo kilekile na kitufe kilekile cha 1x.